Saini za Duara

Ptuu! Bado nina kinyaa na ile karatasi.

Maji ya bomba yana nguvu ndogo, yanaishia ua wa chini. Mimi naishi ghorofa ya tatu na mama yangu, ambaye hainuki kitandani mwaka wa pili sasa. Kumwosha na kufua mashuka yake ni ndoo sita kwa siku, ngazi kwa ngazi, kisha ndiyo nikae kwenye cherehani. Mgongo umekwisha.

Kwa hiyo wapangaji tukaandika barua: tunaomba ruhusa ya kuweka tangi la lita elfu moja juu ya paa, pamoja na pampu, kwa gharama zetu wenyewe. Aliyeandika ni Karani, mstaafu wa ghorofa ya nne, mwenye mwandiko wa kupendeza. Saini tukaziweka kwa duara kwenye karatasi ya pili, mwenye nyumba asijue nani alianza akamfukuza. Tulijiona wajanja kweli!

Jibu likaja kwa Karani peke yake. Karani akalificha, ila mafundi wakapandisha tangi na kulifungia bomba moja tu, la kushusha maji kwake. Nikaenda ofisini kwa mwenye nyumba. Katibu wake akanifungulia faili. Duara letu lilikuwepo, saini yangu ikiwemo. Lakini ukurasa wa mbele ulikuwa mwingine: “Sisi wapangaji tunaunga mkono ombi la mwenzetu kuweka tangi lake binafsi.” Na jibu: ruhusa imetolewa, tangi moja tu, paa halibebi zaidi.

Mzee mzima! Mtu niliyekuwa namwamkia kila asubuhi!

Baada ya siku mbili akabisha hodi, barua mkononi. Mwenye nyumba hataki bomba la kupandisha maji lipite ukuta wa mbele; kwa nyuma, njia ni moja, kibaraza cha jiko langu. Anaomba ruhusa yangu ya kutoboa, kwa gharama zake mwenyewe.

“Karibu ndani, mzee. Isomee kwa mama.”

Mama alikuwa amejichafua, na ndoo zilikuwa tupu. Karani akasoma mistari miwili, akaziba pua kwa kitambaa.

“Bomba litapita,” nikamwambia, “tangi likiwa la wote kama tulivyoomba. Na safari hii maneno na saini karatasi moja.”

“Nitafikiria, binti yangu.”

“Mimi si binti yako. Toka.”

Wiki ya tatu hii anafikiria. Tangi liko juu, jipya, kavu. Mimi bado napanda na ndoo, na mama bado anasubiri akiwa mchafu hadi nifike. Jana pampu ya mtaa iliharibika, bomba la ua likatoa tone tone, foleni ikafika barabarani. Karani alikuwa nyuma yangu na kindoo chake.

“Nipishe kidogo, mama,” akasema. “Mimi ni mzee.”

Nikageuka. “Andika barua.”

Kisha nikaweka ndoo yangu ya pili.