Maneno ya Khadijo

Mwaka wa 1985, baada ya ukame, Wangui alirudi Isiolo kumsomea Mama Khadijo rasimu ya ripoti yake ya utafiti. Mama huyo mfugaji alikuwa amekubali kuhojiwa na hata jina lake litajwe.

"Kwa mujibu wa Khadijo Awale," Wangui alisoma, "wafugaji wamechoka na mifugo, wanataka kuhamia mjini."

Khadijo akaacha kumimina chai. "Binti yangu, mimi nilisema hivyo?"

Wangui akafungua daftari la mahojiano. Kwa mwandiko wake mwenyewe alikuta: *Nimechoka kuona ng'ombe wakifa.* Habari ya kuhamia mjini alikuwa ameiongeza yeye mwenyewe. Uso ukamwaka kwa aibu.

"Nisamehe, mama. Nilifupisha vibaya."

Akaifuta sentensi, akaandika nyingine na kuisoma polepole: Khadijo Awale alieleza kwamba vifo vya ng'ombe vimemchosha.

"Hayo ndiyo yangu," Khadijo alisema. "Lakini jina ondoa, sitakuwapo kila mara kusikia unachosoma. Andika mwanamke mfugaji tu."

Wangui hakubisha. Alilikata jina hilo kila lilipotajwa, huku Khadijo akimtazama, na chai ikapoa bila kuguswa.