Jalada Jekundu

Mwanamke yule alikuwa amerudi dukani kwa mara ya tatu, na muuza santuri yalishamfika kooni. Wimbo anaoutafuta mwanamke, jina lake halijui, mwimbaji hamjui. Anachokumbuka ni jalada la santuri ya baba yake: jekundu lote, na farasi asiye na kichwa.

"Silo hili!" Alilibamiza jalada la kumi na moja mezani hadi kona ikapinda. "Unanifanya mtoto?"

"Mama, ukiharibu lingine nitakufurumusha!" muuzaji alimjia juu.

Kisha akashusha pumzi. Kazi ilimfundisha kwamba watu huchanganya rangi, ila mnyama hawamsahau. Akaachana na majalada mekundu, akatafuta farasi tu. Akampata mmoja, mweusi, kichwa chake kizima, kwenye jalada jeupe pe.

"Nimekwambia jekundu!"

"Mara ya mwisho uliliona wapi?"

"Sakafuni. Baba alikuwa anampiga mama na..." Akalitazama lile jalada, kisha taratibu akakifunika kichwa cha farasi kwa kiganja. "Damu ilifika hapa," akasema.

Muuzaji aliiweka santuri kwenye gramafoni, akashusha sindano. Gitaa lilipolia tu, kabla mwimbaji hajafungua kinywa, yule mwanamke mtu mzima alikuwa ameshachuchumaa chini ya meza, mikono kichwani, akilia kwa sauti ya kitoto: "Baba, basi! Baba, basi!"