Fomu Mbili, Msiba Mmoja

Mpishi wa asubuhi aliingia ofisi ya utumishi ya hoteli na fomu yake ya likizo ya msiba, siku nne, kila mstari umejazwa. Funguo za stoo, orodha ya nyama iliyomo kwenye friza, wageni wawili wasiokula karanga: vyote alikuwa amemkabidhi mpishi wa jioni, mdogo wake, aliyetia sahihi ya kupokea.

Afisa utumishi, mama asiyependa mchezo, aliisoma mpaka mwisho. Kisha akavuta droo na kutoa fomu nyingine. Mpishi wa jioni naye ameomba siku nne zilezile, na kazi zake amemkabidhi mpishi wa asubuhi.

"Hii sahihi ni yako?"

Ilikuwa yake. Aliitia jana huku akigeuza mayai.

"Ndugu wa tumbo moja, msiba mmoja, kila mtu anamwachia mwenzake kazi! Hamkusoma?"

"Tulikuwa tunalia, mama. Hapo nani anasoma?"

Afisa alivua miwani, akaivaa tena.

"Haya. Kwani hakuna mtu mwingine anayelijua hilo jiko, asubuhi mpaka jioni?"

"Mmoja tu. Alipika humo miaka thelathini kabla ya kustaafu. Ndiye aliyetufundisha sote wawili."

"Sasa si umpigie simu? Unanipotezea muda!"

Mpishi aliinama mezani, akaweka kidole kwenye mstari wa tatu wa fomu, palipoandikwa: Uhusiano na marehemu. Baba.