Mashine Iliyobaki

"Uza nusu yako. Yangu siuzi."

"Levi, mashine ni moja. Nitaikata na msumeno?"

"Basi haiuzwi."

Binamu yangu Dan akatema mate chini. Mwaringa, mnunuzi kutoka Malindi, alikuwa ameegemea pikapu yake, anatungoja tumalize. Hiyo mashine ya matofali ya simiti ilikuwa katikati yetu, buibui wamejaa ndani ya kalibu.

Zamani hapa Garsen ungeisikia ikigonga tangu asubuhi. Kila mtu alikuwa anajenga vyumba vya kupangisha. Jirani akichukua mkopo, na wewe unakimbia benki. Vijana wetu wa kazi walikula chapati kwenye kibanda cha Gladys, Gladys naye akaanza kujenga, akanunua matofali kwetu. Ukifika kwake na vumbi anakwambia, "Tajiri, nawa mikono kwanza." Natamani hata hizo kejeli zake.

Tukaona kazi haitaisha. Dan akakopa, akaleta mashine ya pili, na vyumba vingine tayari havina wapangaji, bei ya simiti nayo inapanda. Halafu riba ikapanda. Wajenzi wakasimama. Tukaachisha vijana, vijana wakaacha chapati, Gladys akaacha ukuta wake usawa wa dirisha, akarudi kwao. Mashine ya pili ikachukuliwa na benki. Matofali yetu yakaota nyasi.

Nikamgeukia Mwaringa. "Bro, kama kazi hakuna, mashine unataka ya nini?"

"Kwetu wateja wameanza kuulizia matofali."

"Umemsikia?" nikamwambia Dan. "Hata hapa vyumba vimejaa, na hakuna aliyejenga vingine. Lile rundo letu la matofali lililoota nyasi si lilinunuliwa likaisha mwezi jana? Na riba inashuka. Ulinunua wakati kila mtu ananunua. Sasa unauza wakati kila mtu anauza."

"Na ikikaa hivi mwaka mwingine? Unajua siku mambo yatakapogeuka?"

"Sijui. Hakuna anayejua."

"Basi watoto wangu watakula kutojua kwako?"

Hapo alinibana. Nikatoa ufunguo wa boda yangu mfukoni. Boda ndiyo inanilisha, sina kingine.

"Chukua pikipiki iwe malipo ya nusu yako. Piga nayo kazi, watoto wale. Niachie mashine."

Dan akaangalia ule ufunguo. "Na wewe utakula nini?"

"Nitafyatua matofali, hata kama ni kidogo kidogo."

"Hata kazi ikirudi, Levi, haitakuwa kama zile siku. Gladys harudi."

"Najua."

Akapitisha kiganja juu ya mkono wa mashine, pale chuma kilipolainika kwa kushikwa na sisi wawili. Akamwambia Mwaringa, "Pole kaka, umekuja bure." Akachukua ufunguo, akageuka, akaenda zake ilikoegeshwa pikipiki.