Mwenyekiti wa Wahitimu wa Lishe

Nyie acheni tu. Mtu akikwambia uanzishe chama cha wataalamu ili ujulikane, msikilize, hakudanganyi. Mimi Yusra Kibwana nilianzisha, na sasa najulikana kuanzia Magoma mpaka Handeni mjini. Kazi ndiyo sijapata.

Nilimaliza shahada ya lishe miaka sita iliyopita. Tangu hapo nauza dukani kwa Jatin, Korogwe mjini, napima sukari na unga. Maombi nilituma mpaka nikachoka. Nikajiambia, kama hawanioni nikiwa peke yangu, wataniona nikiwa mbele ya wenzangu. Nikawakusanya wahitimu wa lishe wa Korogwe na Handeni kwenye kundi la WhatsApp, tukafika ishirini na watatu, karibu wote hatuna ajira.

Kikao cha kwanza tu, Sabiri akasimama. Huyu tulisoma naye, mdomo hana breki.

"Huyu dada anatafuta jina," alisema. "Nafasi zikija atajipeleka mwenyewe, sisi tubaki kupiga makofi."

Iliniuma kwa sababu ilikuwa kweli. Na mimi nikipandwa na hasira sifikiri. Nilichukua rasimu ya katiba nikaongeza ibara palepale, nikawasomea: kiongozi aliye madarakani hatajipendekeza kwa nafasi yoyote iliyoletwa kupitia chama. Wakafurahi! Wakanichagua mwenyekiti, Sabiri katibu. Katiba, muhtasari wa kikao wenye sahihi zetu na barua ya mkuu wa wilaya vikaenda kwa Msajili wa Jumuiya, na baada ya miezi kadhaa cheti kikaja.

Basi nikajituma. Siku za afya na lishe za vijiji nilikuwepo, Kwashemshi nikiwapikia akina mama uji wa watoto, Handeni nikiwaelekeza kwa Kizigua. Redioni waliniita kila Jumatano. Wageni wa miradi wakija, halmashauri inasema, "Mtafuteni Yusra." Hata Jatin akaanza kunitania mbele ya wateja, "Mwenyekiti, mpimie mama kilo mbili." Nilicheka, lakini moyoni nilikuwa nahesabu siku.

Machi ya mwaka wangu wa tatu wa uenyekiti, simu ikaita nikiwa dukani. Alikuwa Loveness, meneja wa shirika linalofungua ofisi Handeni. Alinisikia redioni. Anataka afisa lishe, ajue Kizigua, awe amefanya kazi vijijini. Jamani, nilishika kaunta. Alikuwa ananisema mimi, kitu kwa kitu!

"Hatutatangaza," akasema. "Naomba chama chako kinipe majina matatu kabla ya Ijumaa."

Usingizi sikupata. Asubuhi nikamwomba ruhusa Jatin, nikapanda gari la Handeni. Ibara ya katiba nilijua, lakini nilisema liwalo na liwe, nitamweleza huyu mama uso kwa uso.

Loveness alinipokea vizuri, akaniita dada.

"Majina nimeleta mawili. La tatu nilitaka liwe langu. Natafuta kazi, dada."

Akanitazama kama hakusikia.

"Wewe? Si uko halmashauri?"

"Nauza dukani, Korogwe."

Akafunga faili lake taratibu. "Yusra, nisikufiche. Katiba yenu niliipata halmashauri, na ile ibara ya viongozi nimeisoma. Na hata isingekuwepo, nikuletee nani wa kukusimamia? Msimamizi wa mradi mwenyewe anakunukuu kwenye ripoti zake. Hii nafasi ni ya mtu wa kuanza. Wewe nilikuwa nakuhitaji kwenye jopo la usaili."

Nilitaka kulia palepale. Nilitaka pia kumtukana, na sikuwa na la kumtukania. Badala yake nikachukua kalamu, jina la tatu nikaandika Sabiri. Yule anajua kazi, na Kizigua ni cha mama yake. Ni katibu, ndiyo, lakini hakujipendekeza, nimempendekeza mimi.

Nikakaa kwenye jopo. Loveness akanitambulisha, "Huyu ndiye nembo ya lishe ya wilaya hizi mbili." Sabiri akaingia na shati la kuazima, ananiangalia kwa woga, mdomo ule wote umekufa. Alijibu vizuri kuliko wenzake. Nikampa alama zake zote, sikupunguza hata moja, Mungu anajua nilitaka.

Jumamosi iliyofuata ulikuwa mkutano mkuu wa mwaka. Sabiri alikuja na barua yake ya ajira, akawasomea wanachama, kisha akalia.

"Mwaka ule nilisema huyu dada anatafuta jina. Nimekosa, jamani. Huyu hajitafutii chochote."

Akapendekeza niendelee miaka mitatu mingine. Nilifungua mdomo nikatae. Mikono ishirini na miwili ilikuwa juu, wengi wao bado hawana kazi, wananitazama mimi. Nikasimama, nikawashukuru.