Nusu ya Bafu la Thelathini na Moja

Namba zilikuwa nzuri mno, na hapo ndipo kichefuchefu kilipoanzia.

Alikuwa amekaa ndani ya kontena lililogeuzwa ofisi ya mradi, viatu vimejaa vumbi la saruji, macho ameyakodolea kompyuta. Mafundi walimwita Binti Hesabu. Jina hilo alilipokea kama alivyopokea mambo mengi, kwa kuinamisha kichwa na kutabasamu kidogo. Kazi yake ilikuwa kusema, kila baada ya wiki mbili, jengo la wazazi la hospitali limefika wapi: kazi iliyopangwa, kazi iliyofanyika, na fedha zilizotumika. Saa nne asubuhi hiyo mhandisi wa mwenye mradi angekuja kuchukua ripoti yenye saini yake.

Jengo lilikuwa na mabafu arobaini, moja kwa kila chumba cha mama aliyejifungua. Kila bafu lilitengewa milioni moja. Kufikia siku ile ratiba ilitaka mabafu ishirini na mawili yawe yamekwisha na manne yawe yanaendelea. Kwa kanuni waliyoitumia, hiyo ni milioni ishirini na nne ya thamani iliyopangwa. Karatasi ya msimamizi ilisema tisa yamekwisha, thelathini na moja yameanza. Tisa kamili, ongeza nusu ya thelathini na moja: milioni ishirini na nne na nusu ya thamani iliyochumwa, yaani thamani ya kazi iliyokwisha kufanyika. Zilizotumika ni milioni ishirini na moja. Mradi uko mbele ya ratiba, na umebana matumizi. Nani asingefurahi?

Ila kulikuwa na vikosi vinne tu vya mafundi wa mabafu. Vikosi vinne vinafunguaje mabafu thelathini na moja kwa wakati mmoja?

Kanuni yenyewe alikuwa ameileta yeye. Alipoanza kazi, kila msimamizi aliyeulizwa alijibu "asilimia tisini", na wiki iliyofuata "asilimia tisini", na ile kumi iliyobaki haikufika kamwe, kama mgeni aliyesema yuko njiani. Yeye akaona haya kugombana na watu wazima juu ya makisio. Akakumbuka alichofundishwa chuoni: kazi ikianza, ihesabiwe nusu; ikiisha, ihesabiwe nusu ya pili; hakuna kubishana. Mwalimu alisema inafaa kwa kazi fupi, zinazoanza na kwisha upesi. Bafu ni kazi ya wiki moja. Mabafu manne yakiwa wazi, kosa lake ni dogo. Hakuwaza kwamba mtu anaweza kuanza bila nia ya kumaliza.

Mlango wa kontena uligongwa na kufunguliwa kwa wakati mmoja. Msimamizi wa mabafu aliingia akinukia manukato. Alikuwa mume wa dada yake, na ndiye aliyempelekea maombi yake ya kazi kwa mkono.

"Shem! Bado hujatia saini? Dada yako nyumbani ameshachagua makochi. Ya rangi ya maziwa. Nimemwambia, mke wangu, watoto watayapaka ugali hayo, hasikii."

"Shemeji, haya thelathini na moja..."

"Yameanza."

"Yote?"

"Yote. Kwani kanuni inasemaje? Si wewe uliyetusomea hapa, kwa sauti ya kinanda? Kazi ikianza, nusu." Alicheka, akampigapiga begani. "Sheria ni msumeno, shem. Leo umekata upande wangu. Sasa tia saini, bonasi iingie, dada yako atulie."

Alipotoka, manukato yalibaki. Binti Hesabu alichukua kofia ngumu, tochi na daftari, akapanda ngazi.

Harufu ilimpokea kabla hajafika ghorofa ya pili. Kwanza alidhani ni bomba la nje lililopasuka. Kisha akakumbuka kwamba ghorofa ile bado haikuwa na maji.

Kwenye korido alimkuta fundi bomba, mzee waliyemwita Mzee Koki, amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, kitambaa kimefunga pua.

"Mwanangu, umefuata nini huku? Rudi chini."

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kuona mabafu."

"Marahaba. Kuona?" Mzee alimtazama kwa huruma. "Haya. Lakini kama ulikunywa chai, ilikuwa kazi bure."

Akasukuma mlango wa kwanza. Ukutani, moja kwa moja juu ya tofali, kulikuwa na mstari mmoja wa vigae, sita kwa idadi, vimebandikwa kama meno ya bandia. Hakukuwa na bomba, wala ile dawa nyeusi ya kuzuia maji inayotangulia vigae. Katikati ya sakafu lilisimama sinki la choo, jeupe, jipya, halikuunganishwa na kitu chochote. Na lilikuwa limejaa.

Nzi waliinuka wote kwa pamoja.

Binti Hesabu aligeukia ukuta, akatapika chai yote. Mzee Koki alimshikia kofia.

"Amri ilitoka wiki jana," mzee alisema walipokuwa koridoni. "Kila bafu, sinki moja, vigae sita, kisha mkimbilie la pili. Nikamwambia msimamizi, sinki bila bomba ni bakuli tu. Akanambia mzee, wewe pachika tu, hesabu tuachie wenyewe. Sasa vibarua mia wapo, choo cha nje ni kimoja na kimeziba. Mtu anaona sinki. Utamwambia nini?"

"Yako mangapi hivi?"

"Ishirini na tano. Sita, la kumi hadi la kumi na tano, nimeyawekea bomba na kuyapima kwa presha, hayo nayasimamia hata mbele ya Mungu. Mengine, mwanangu, hata vigae vyenyewe itabidi vibanduliwe. Ukuta haukupakwa dawa."

Hakutaka kumwamini kwa maneno matupu; hiyo nayo ingekuwa asilimia tisini nyingine. Alijifunga mtandio puani, akaingia mlango mmoja baada ya mwingine. Katika kila chumba aliandika alichokiona. Katika vingi aliona kitu kilekile, kibichi au kikavu, na mara moja kimefunikwa kwa kipande cha gazeti, kama kwamba aliyekiacha alikuwa na aibu kidogo. Alichokichukia zaidi ni kwamba kwenye kompyuta yake kila kimoja kilikuwa na thamani ya shilingi laki tano. Yeye ndiye aliyekipa bei.

Alirudi kontenani, akafuta kanuni yake na kupanga hatua: bomba lililopimwa, thelathini kwa mia; dawa ya kuzuia maji, ishirini; vigae, thelathini; vifaa, ishirini. Hatua isiyokaguliwa ni sifuri. Ratiba nayo aliipima kwa kipimo hichohicho, maana si haki kumpima mtu kwa rula mbili. Yale manne ya ratiba yalitakiwa yawe na bomba na dawa, yaani nusu, kwa hiyo iliyopangwa ilibaki milioni ishirini na nne. Iliyochumwa ikaporomoka: tisa kamili, na mabafu sita ya Mzee Koki kwa thelathini kwa mia, milioni moja na laki nane. Jumla milioni kumi na laki nane.

Kwa kila shilingi mia iliyotumika, kazi ya shilingi hamsini na moja. Kwa kila hatua mia za ratiba, arobaini na tano. Na kama wangeendelea kutumia hivyo, mabafu ya milioni arobaini yangemalizika kwa karibu milioni sabini na nane. Fedha hizo hazikuwepo popote. Zingekwisha katikati, na akina mama wangeletwa kwenye vyumba visivyo na maji.

Shemeji aliziona namba kwenye karatasi kabla ya mhandisi kufika. Uso wake ulibadilika rangi.

"Unafanya nini?"

"Napima upya."

"Unapima upya! Kwangu umekula mwaka mzima, chumba umelala bure, leo unanipima?" Akashusha sauti, ikawa ya kubembeleza. "Shem. Wiki mbili tu. Saini leo, mimi nitayamaliza. Nakuapia."

Alitaka kumkubalia. Akilini alimwona dada yake akipima sebule kwa hatua, akionyesha kochi litakaa wapi. Lakini kila alipovuta pumzi, ile harufu ilikuwa bado puani.

"Shemeji, umeingia mle ndani tangu wiki jana?"

Shemeji akaigeuza karatasi kifudifudi.

Mhandisi alifika saa nne kamili. Mafundi walimwita Bwana Tarehe, kwa sababu hakuwahi kuuliza jambo jingine. Alisoma karatasi amesimama, akairudisha mezani kama chenji pungufu.

"Binti, juzi nimeshawaambia wakubwa zangu tuko mbele. Wewe leo unaniletea arobaini na tano? Ripoti iliyopita ilitumia kanuni gani?"

"Ya nusu."

"Basi irudishe hiyo ya nusu."

"Si nilikwambia?" alisema Shemeji.

Kwa kawaida hapo ndipo Binti Hesabu angeinamisha kichwa. "Naomba mhandisi achague namba," alisema, sauti ikatoka ndogo kuliko alivyotaka. "Kati ya kumi na sita na arobaini."

"Namba ya nini?"

"Yoyote tu."

"Thelathini na moja. Haya, imekuwa bahati nasibu?"

"Tukalione bafu hilo. Tukilikuta nusu, narudisha kanuni na natia saini."

Walipanda watatu. Kwenye ngazi Bwana Tarehe alitoa leso. Shemeji alibaki nyuma, akabaki nyuma zaidi. Binti Hesabu alisukuma mlango wa thelathini na moja, akasogea pembeni kwa adabu, kama mwenyeji anayempisha mgeni.

Mhandisi aliingia hatua moja. Alitoka kwa hatua tatu, leso imegandamana na mdomo, machozi yanamtoka.

"Nijaze ngapi, mhandisi?" aliuliza, kalamu juu ya daftari. "Nusu?"

"Sifuri! Andika sifuri, mtoto wewe, na ufunge huo mlango!"

Alasiri Bwana Tarehe alitoa amri kwa simu, akiwa mbali na jengo: lisifunguliwe bafu jipya hata moja; vikosi vyote viingie kwenye yale sita mpaka yaishe; choo cha nje kizibuliwe leo; na msimamizi mwenyewe asimamie kuyatoa masinki ishirini na tano. Bonasi hakuitaja, na hakuna aliyeuliza.

Binti Hesabu alichukua boksi la barakoa na glavu, akapanda. Alimkuta Shemeji amesimama mbele ya mlango, mikono ya shati imekunjwa, manukato yameshindwa. Akampa barakoa. Akavaa na ya kwake.

"Umenipaka mavi, shem," Shemeji alisema, "halafu unaniletea barakoa."

"Kanuni ilikuwa yangu," akajibu. "Shika upande huo."

Waliinua pamoja. Kilichokuwa ndani kilicheza, kikamwagikia kiatu cha Binti Hesabu. Mfukoni simu ilianza kulia; alijua ni dada yake bila kuitazama. Iliita mpaka ikakata, ikaanza tena. Mikono yake ilikuwa michafu mno kuipokea.