Kijiguu cha Kumi

Uchovu wa mtu aliyelala vizuri ni mbaya kuliko wa aliyekesha, maana hauna wa kumsingizia. Mama Bisibisi, kama mtaa mzima ulivyomwita fundi huyu wa kompyuta, alikuwa amelala tangu jua kuzama, na bado asubuhi ile mabega yalimlemea. Alibonyeza kitufe cha kompyuta iliyokuwa mezani kwake. Feni ikajitikisa nusu mzunguko, ikasimama. Akabonyeza tena. Nusu mzunguko, kimya.

"Hata hii," alijisemea. "Hata hii ni mfu."

Kompyuta ilikuwa ya mpiga chapa wa jirani. Mazabodi yake ya zamani, ile bodi kuu inayounganisha vipuri vyote, ilikuwa ndogo na imeungua, na mwenyewe akataka kubwa itakayobeba kadi zake zote. Ya kwanza Mama Bisibisi aliichukua dukani kwa Shemeji, ng'ambo ya barabara. Haikuwaka. Akairudisha, na kesho yake Shemeji akambadilishia bila kuuliza swali. Sasa ya pili nayo, mpya, imetoka kwenye boksi lake, imegoma vilevile.

Huyu Shemeji alikuwa mdogo wa marehemu mumewe, na ndiye mtu pekee wa upande ule aliyebaki kumjulia hali. Tangu msiba, kila asubuhi kabla ya kufungua duka lake la vipuri, alipita karakanani kwake, akagonga mlango kwa ufunguo na kuuliza, "Umeamkaje, shemeji?" Naye alijibu, "Salama tu," kila siku, hata siku ambazo hakuna kilichokuwa salama. Lakini tangu juzi hakupita. Juzi, alipokuwa akimkabidhi ile bodi ya pili, Mama Bisibisi alimwambia mbele ya wateja: "Kaka yako angekuwa hai usingethubutu kuniuzia mikweche." Shemeji alifunga boksi kwa utepe, akampa kwa mikono miwili.

Leo alikuwa ameamua. Ataipeleka hii, ataibwaga kaunta, na kuanzia kesho atanunua kwa mwingine. Kama ndiyo udugu umekatika, basi umekatika. Hata hasira ya kutosha hakuwa nayo. Alitaka tu jambo moja maishani mwake liishe.

Ufunguo ukagonga mlangoni.

"Mpiga chapa amenijia juu dukani," alisema Shemeji, bila salamu. "Anasema hadi leo mashine yake haijarudi."

"Imegoma. Chukua bodi yako uende nayo."

"Niione kwanza."

"Uione nini? Imekufa!"

"Shemeji, nivumilie kidogo tu. Ukiona nakudanganya, nitaondoka na sitagonga tena."

Akavuta kigoda. Alichomoa nyaya, akafungua skrubu tisa moja moja na kuziweka ndani ya kifuniko cha chupa, kisha akaitoa mazabodi kwenye kasha la bati na kuilaza juu ya boksi lake la karatasi ngumu. Akaiunganisha na pawa saplai, kile kisanduku cha kuipa umeme, akagusisha ncha ya bisibisi kwenye pini mbili za kuwashia. Feni ikazunguka. Wote wawili waliitazama, nayo ikaendelea kuzunguka, na kwenye skrini yakatokea maandishi.

Mama Bisibisi aliinamia skrini, akayasoma yote.

"Juu ya boksi inawaka," alisema Shemeji. "Ndani ya kasha inakataa. Mgonjwa ni nani?"

Jibu hilo hata fundi wa wiki moja analijua. Mama Bisibisi alilivuta kasha hadi kwenye mwanga wa dirisha. Mazabodi hailazwi juu ya bati la kasha, maana mgongo wake umejaa vinundu vya risasi ya kuunganishia, na bati linapitisha umeme. Ndiyo maana hukalishwa juu ya vijiguu vya shaba, vifupi, vinavyokazwa kwenye matundu ya bati. Kila kijiguu sharti kikutane na tundu la bodi, palipozungushiwa pete iliyotengwa kwa kazi hiyo. Kikikosekana, bodi hubonyea ukiichomeka kadi, mgongo ukagusa bati. Kikizidi, kinachokoa vinundu, umeme unapata njia ya mkato, na pawa saplai, ikihisi shoti, inajizima yenyewe.

Skrubu zilikuwa tisa. Alihesabu vijiguu kwa ncha ya kidole. Kumi.

Cha kumi kilikuwa cheusi, si cha shaba, kwenye bati jeusi. Kilikuwa cha safu ya mwisho ya ile bodi ndogo ya zamani, mahali ambapo bodi kubwa haina tundu lolote. Kile cha shaba kilichokuwa jirani yake, Mama Bisibisi alikuwa ameking'oa mwenyewe. Hiki hakukiona. Aligeuza mazabodi: katikati ya mgongo palikuwa na kovu la duara, dogo, linalong'aa.

"Alikiweka yeye," alisema taratibu. "Kaka yako. Tulipoiunda mashine hii cha shaba kilipotea, akang'oa hiki kwenye kasha bovu."

Miaka ishirini walifanya kazi hivyo: mume kasha, mke bodi. Mume alipanga vijiguu, kisha akapitisha kiganja juu ya bati zima, taratibu, kama mtu anayelainisha shuka, ndipo akamsukumia kasha na kusema, "Tayari." Yeye alilaza bodi bila kuchungulia chini. Kwa nini achungulie? Kiganja kilikuwa kimepita. Na baada ya msiba aliendelea vilevile, analaza bodi kana kwamba kuna mtu amesema tayari.

"Na ile ya kwanza?" aliuliza.

Shemeji aliangalia sakafu. "Inawaka. Niliijaribu siku ileile uliyoirudisha. Ilikuwa na kovu hilihili, nikajua kuna kijiguu kimebaki."

"Ukanyamaza!"

"Nilitaka kukuambia nikikupa hii ya pili. Ndipo ukanitukana mbele za watu, ukamtaja na marehemu. Nikanuna. Nikasema moyoni, acha aione mwenyewe. Ingeweza kuungua kweli, najua. Hapo nimekosa."

Mama Bisibisi alikasirika, na hasira hiyo ilimfanyia wema, maana ilikuwa ya kweli na ilipita. Akachukua koleo, akakishika kile kijiguu cheusi, akakizungusha hadi kikatoka. Hakukitupa. Alikitia kwenye mfuko wa aproni. Kisha, kwa mara ya kwanza maishani mwake, alipitisha kiganja chake juu ya bati, kutoka pembe hadi pembe, akihesabu kwa sauti. Tisa. Kila kimoja mahali pake. Akalaza bodi, akafunga skrubu, akabonyeza kitufe. Feni ikashika mwendo kama haijawahi kugoma.

Hakungoja apongezwe. Alifunga karakana na kuvuka barabara, Shemeji akimfuata nyuma bila kuelewa. Dukani walikuwepo watu watano, mmoja wao akiwa ameshuhudia ya juzi.

"Jamani," alisema kwa sauti, "juzi nilimwita huyu muuza mikweche. Bodi zake zote mbili nzima. Aliyekosea ni mimi, kwa mkono wangu. Mnisikie kama mlivyonisikia juzi."

Watu walitazama viatu vyao. Mmoja alisema, "Yameisha, mama." Shemeji alizunguka kaunta, akapangapanga maboksi yasiyohitaji kupangwa. Ilikuwa karibu adhuhuri, lakini alipoinua uso aliuliza lile swali lake la asubuhi, kwa sauti ya chini.

"Umeamkaje, shemeji?"

Alifungua mdomo aseme salama tu. Vidole vyake vilikuwa mfukoni, vimeshika kile kijiguu.

"Nimechoka," alisema. "Nimechoka, shemeji, tangu siku tuliyomzika."

Shemeji akamvutia kiti nyuma ya kaunta. Mama Bisibisi akakaa, na wateja wakaendelea kuhudumiwa.